Kurefule mtu: askari wa mpaka anakatazwa nini hasa

Yambo wa Goma, yambo Rutshuru! Leo niko barazani hapa Nsambya, Kampala, mnisamehe kelele za bodaboda.

Mmenijazia inboksi swali moja tu: dada, sina paspoti, nikivuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda si watanirefule? Haya, hilo neno lenu la Kifaransa, yaani kumrudisha mtu kwa nguvu alikotoka, ndilo lenyewe. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ibara ya 33, unasema usimrefule mtu kwenda mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini kwa sababu ya kabila, dini, siasa na kadhalika. Halafu mkataba wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, wa 1969 ukaongeza kitu kizuri sana kwetu, kwamba hata kumzuia pale pale mpakani asiingie nako ni kumrefule, na unamhesabu pia aliyekimbia vita, si lazima adui awe anamtafuta yeye kwa jina.

Sasa shikeni hapa. Ukimbizi hauanzi siku unapewa kadi. Mama anafika kizuizini na watoto wawili, godoro kichwani, hana hata kipande cha karatasi, anasema "kwetu wanapiga risasi". Tayari kanuni inamlinda, askari anapaswa kumpeleka akaandikishwe, kesi isikilizwe kwanza. Sheria ya Uganda ya 2006 inampa siku 30 tangu aingie apeleke ombi, na akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa. Hapo katikati harudishwi.

Sasa msidhani sheria ikiandikwa imekwisha. Julai 2010, Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, watu wa Rwanda waliitwa wakusanyike, wengine wakidhani ni chakula au majibu ya maombi yao, kumbe polisi wenye silaha wamewazunguka. Wakapakiwa kwenye malori, kama watu 1,700 wakavushwa mpaka, wawili wakafa wakiruka. Serikali ikasema ni waliokataliwa tu, lakini UNHCR wakasema ndani yao kulikuwa na wakimbizi wenye hadhi kabisa. Hapo ndipo unaona kosa lilipo, jamani: aliyekataliwa kihalali, rufaa ikaisha, anaweza kurudishwa kwao, sawa, lakini ukiwapakia watu kama viazi, bila kuangalia mmoja mmoja, utajuaje nani ni nani?

Na ndiyo, kuna mlango wa nyuma, kwa sababu ibara hiyo hiyo ya 33 inaruhusu kumtoa mtu ambaye ni hatari kwa usalama wa nchi, au aliyehukumiwa kwa kosa zito sana na ni hatari kwa jamii. Ila kama huko anakopelekwa atateswa, mkataba wa kupinga mateso hauna mlango huo, hata jambazi harudishwi.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza, ukifika usiseme "nimekuja kutembelea shangazi" kwa kuogopa. Mama jirani yangu alisema hivyo, wakamwandika mgeni, akahangaika miezi kusahihisha lile neno moja. Sema umekimbia, na umekimbia nini.

Haya, sombe yangu inaungua.