Barua ya malalamiko: adabu juu, madai katikati

Shikamooni wazee, na wengine wote hamjambo. Nimeombwa nizungumzie barua ya malalamiko, na kwa kuwa hapa Lindi wengi wetu ni wakulima wa ufuta, nitachukua mfano wa huko huko. Tuseme mkulima wa Nachingwea amepeleka kilo 412 kwenye chama chake cha msingi. Mnada umepita, fedha zimeingia benki, lakini amelipiwa kilo 362.

Mwenye hasira huandika: "Ninyi viongozi mmeniibia kilo 50." Akishaandika hivyo, katibu hatafuti tena kilo zilipo, anatafuta namna ya kujitetea. Na huenda kosa ni la karani aliyenakili tarakimu vibaya.

Tuanze na wito. Katibu wa chama ni "Ndugu Katibu". "Mheshimiwa" tumwachie mbunge, diwani, hakimu au mkuu wa wilaya. Ukimpa katibu, unaonekana unambembeleza. Mstari wa Yah: useme jambo lenyewe: "Yah: Upungufu wa kilo 50 katika malipo ya ufuta". Ukiandika "Malalamiko" peke yake, msomaji hajui ashike faili gani.

Baada ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ingia moja kwa moja: "Tarehe 12 Juni nilipokelewa kilo 412, kama stakabadhi niliyoambatisha inavyoonyesha. Malipo niliyopata ni ya kilo 362. Kilo 50 hazijalipwa." Angalieni, hakuna aliyetuhumiwa, lakini hakuna pa kukwepea. Kilo ndizo zinazosema.

Kisha ombi. Neno "naomba" halilegezi barua. Kinacholegeza ni kukosa tarehe. "Naomba ofisi yako ilinganishe stakabadhi yangu na daftari la mizani, na inijibu kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Agosti. Nisipopata jibu, nitaliwasilisha suala hili kwa Afisa Ushirika wa Wilaya." Hiyo ni hatua inayofuata, imetajwa kwa utulivu. "Mtanitambua" haimwambii katibu utafanya nini.

Wengi hukimbilia kuweka "Nakala: Mkuu wa Wilaya" kwenye barua ya kwanza. Mimi sishauri. Unakuwa umemshtaki mtu kabla hujamsikiliza. Nakala iwekwe kwenye barua ya pili, pale ya kwanza ilipokosa jibu.

Kufunga nako kuna uzito. "Wako mtiifu" linamfaa mtumishi anapomwandikia mkuu wake wa kazi. Mwanachama ni mwenye chama, kwa hiyo aandike "Wako katika ujenzi wa taifa", halafu saini, jina kamili, namba ya uanachama na namba ya simu.

Peleka barua mbili zinazofanana. Moja ibaki ofisini. Ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.