Chungu cha 14, Jumanne: Kupanga Shajara Iliyotawanyika

MWANAIDI: Karibu msikilizaji. Leo mezani tuna shajara iliyotawanyika. Mfano tulioutengeneza ni huu: mwalimu mstaafu ameacha madaftari matatu, bahasha ya karatasi zilizochanwa huku na kule, na maandishi mengine kwenye simu. Familia inataka kujua mambo mawili tu: kipi kilitangulia kipi, na kila alipoandika kuhusu shamba ni wapi. Kaka Baraka, mtu anaanzia wapi?

BARAKA: Anaanza kwa kutogusa mpangilio. Najua mkono unawasha kuzitandaza zile karatasi sakafuni na kuanza kuzipanga kwa miaka, lakini jinsi zilivyokutwa ni ushahidi. Karatasi isiyo na tarehe iliyokaa kati ya mbili za Januari huenda nayo ni ya Januari. Ukishaichomoa, ushahidi umekwenda.

MWANAIDI: Kwa hiyo namba kwanza.

BARAKA: Namba kwanza, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa. Madaftari yaite A, B na C, bahasha iite D. Ukurasa wa saba wa daftari la pili unakuwa B-07, karatasi ya kumi na mbili ya bahasha D-12. Sifuri ya mbele usiiache, nitaeleza baadaye. Halafu piga picha kila ukurasa, ile namba ionekane ndani ya picha. Peni usitumie, wino hupenya karatasi ya daftari la shule ukatokea upande wa pili.

MWANAIDI: Na daftari lisichanwe kwa kisingizio cha kupanga.

BARAKA: Kabisa. Karatasi halisi zinabaki zilivyo. Kinachopangwa ni nakala utakayochapa.

MWANAIDI: Tuje kwenye nakala. Mimi hupendekeza kila ingizo liwe na faili lake, faili la maandishi matupu, na jina la faili lianze na tarehe. Ndani, juu kabisa, kinakaa kichwa. Kwa wanaosoma kipindi hiki badala ya kukisikiliza, kinaonekana hivi:

```
# 1998-01-13 Jumanne
Chanzo: B-07
Tarehe: kisio (chungu cha 14 + Jumanne + Elnino)
Lebo: #kilimo #mvua #ugonjwa
```

BARAKA: Na jina la faili lenyewe ni `1998-01-13_B-07.txt`. Mwaka, mwezi, siku. Watu hulalamika kwamba sisi tunasema siku kwanza, na ni kweli. Lakini kompyuta hupanga majina herufi kwa herufi kutoka kushoto. Ukianza na siku, tarehe 13 za miezi yote na miaka yote zitarundikana pamoja, kisha zifuate tarehe 14 zote.

MWANAIDI: Na ile sifuri?

BARAKA: Hapo ndipo wengi huanguka. Ukiandika mwezi wa pili kama 2 badala ya 02, mwezi wa kumi utatangulia mwezi wa pili, kwa sababu kompyuta inatazama 1 na kuiona ndogo kuliko 2. Ubaya ni kwamba baadhi ya kompyuta huficha kosa hili. Kidirisha cha mafaili cha Windows, kwa mfano, husoma tarakimu kama namba nzima, kwa hiyo mambo yanaonekana sawa. Unahamishia folda kwenye programu nyingine, mpangilio unavurugika, na hujui kwa nini.

MWANAIDI: Haya, sasa tuchukue huo ukurasa wa B-07, maana hauna tarehe. Mwalimu ameandika hivi: "Jumanne, chungu cha 14. Elnino haitaki kuisha. Mahindi ya bondeni yamelala yote. Mama mdogo homa tangu jana." Basi. Mwaka hakuna, mwezi hakuna.

BARAKA: Lakini ametuachia vitu vitatu. Chungu cha 14 ni siku ya kumi na nne ya Ramadhani. Elnino, kwa mtu wa Tanzania wa umri ule, ni zile mvua zilizoanza mwishoni mwa 1997 zikaingia 1998. Na siku ni Jumanne.

MWANAIDI: Angalia mtego, ndugu yangu. Mwaka 1997 Ramadhani iliingia mara mbili, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Moja ilianza Januari, nyingine mwisho kabisa wa Desemba.

BARAKA: Ya Januari 1997 tunaiondoa, Elnino ilikuwa haijafika. Inabaki ya pili, Ramadhani ya mwaka 1418 wa Hijria. Ukihesabu kuanzia tarehe 31 Desemba 1997, chungu cha 14 kinaangukia tarehe 13 Januari 1998. Lakini vikokotoo vya Hijria hupishana siku moja, na mwandamo nao watu wanaweza kupishana. Ndiyo maana ile Jumanne ni lulu. Tarehe 12 Januari 1998 ilikuwa Jumatatu, 13 ilikuwa Jumanne, 14 Jumatano. Siku ya wiki inakata shauri.

MWANAIDI: Na bado tunaandika "kisio" kwenye kichwa, pamoja na sababu zake.

BARAKA: Lazima. Mwalimu hakuiandika tarehe hiyo, sisi ndio tumeitafuta. Kesho ikitokea karatasi ya bahasha inayotupinga, tujue tulisimamia wapi.

MWANAIDI: Hapo kwenye Ramadhani niongeze jambo kwa wenye shajara za pwani. Ukikuta "mfungo tatu", usidhani ni siku ya tatu ya kufunga. Katika hesabu ya Waswahili, miezi baada ya Ramadhani huitwa mfungo mosi, mfungo pili, mfungo tatu. Mfungo tatu ni mwezi wa Hija. Ukikosea hapo umekosea zaidi ya miezi miwili.

BARAKA: Na usiku nao. "Usiku wa Ijumaa" kwa wengi wa pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. "Ijumaa usiku" ni kitu kingine. Halafu kuna saa. Mtu anaandika "Jumatatu, saa 8 usiku, sijalala." Kwa saa ya simu hiyo ni 02:00, na simu itasema ni Jumanne.

MWANAIDI: Unaipeleka wapi?

BARAKA: Chini ya Jumatatu, kama alivyoandika mwenyewe. Kichwa kinafuata mwandishi. Ndani naongeza mstari mmoja: saa 02:00 ya kuamkia Jumanne. Ila maandishi ya simu yana muhuri wa saa unaojiandika wenyewe, kwa hiyo sehemu ile ya shajara inafuata saa ya simu. Andika kanuni hiyo mahali, vinginevyo ukikuta tukio moja kwenye daftari na kwenye simu kwa tarehe mbili, utadhani ni matukio mawili.

MWANAIDI: Na tarehe ikigoma kabisa? Unajua mwezi, siku hujui.

BARAKA: Naandika `1998-01-xx`. Kwa kompyuta herufi huja baada ya tarakimu, kwa hiyo ingizo litakaa mwishoni mwa Januari, nyuma ya yote yenye siku. Wengine huandika tarehe 01, nami siikubali hiyo hata kidogo. Baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka tarehe mosi ipi ni ya kweli na ipi ni ya kubandika. Na ukitafuta `xx` unapata mara moja orodha ya yote ambayo bado hayajapatiwa siku.

MWANAIDI: Sasa lebo. Mtu anaweza kuuliza, kama maandishi yote yamechapwa, lebo ya nini? Si ninatafuta neno tu?

BARAKA: Kiswahili kitakuadhibu. Maneno yetu hubadilika mbele. Mwalimu ameandika nililima, tukalima, wanalima, pamelimwa. Ukitafuta "kulima" hayo yote yanakupita. Ukikata ukatafuta "lim" tu, yanakuja yote, lakini yanakuja pia mwalimu, mlima, ulimi na ulimwengu.

MWANAIDI: Na kwa shajara ya mwalimu, neno mwalimu liko kila ukurasa!

BARAKA: Ndiyo hivyo. Halafu turudi B-07. "Mahindi ya bondeni yamelala yote." Neno shamba halimo, kilimo halimo, kulima halimo. Utafutaji wa maneno hauwezi kuupata mstari huo, ila mtu aliyesoma anajua ni habari ya shamba. Lebo `#kilimo` ndiyo inayoukamata.

MWANAIDI: Vivyo hivyo homa ya mama mdogo inapata `#ugonjwa`. Mimi ningesisitiza neno moja kwa jambo moja. Leo ukiandika `#ugonjwa`, kesho `#mgonjwa`, keshokutwa `#afya`, umegawa jambo moja mafungu matatu. Weka faili linaloitwa `lebo.txt`, kila lebo na mstari mmoja wa maana yake. Kwa shajara ya mtu mmoja, lebo ishirini hivi zinatosha. Kabla ya kutunga mpya, pitia orodha.

BARAKA: Majina ya watu na mahali yatengwe. `#mtu-mamamdogo`, `#mahali-bondeni`. Pasiwe na nafasi ndani ya lebo, maana programu nyingi huishia penye nafasi. Na usiweke lebo wakati wa kuchapa. Chapa kwanza maingizo kama thelathini, yasome kwa pamoja, ndipo uone mwalimu anazungumza nini hasa. Ukitunga orodha kichwani kabla ya kusoma, nusu ya lebo zitabaki na ingizo mojamoja, na lebo ya ingizo moja haina kazi.

MWANAIDI: Kwenye simu, programu yoyote ya maandishi inayotafuta ndani ya faili itakubali `#kilimo`. Kwenye kompyuta ya Linux au Mac, ukitaka ya 1998 yenye kilimo na mvua kwa pamoja, fungua terminali ndani ya folda ya shajara na uandike amri hii:

```
grep -l "#kilimo" 1998-*.txt | xargs grep -l "#mvua"
```

BARAKA: Sehemu ya kwanza inatoa majina ya mafaili ya kilimo, ya pili inachuja yenye mvua. Matokeo yanatoka yakiwa yamepangwa kwa tarehe, kwa sababu majina yenyewe ni tarehe. Jina la faili likiwa na nafasi ndani, amri hiyo itakwama, ndiyo maana tumeweka kistari cha chini.

MWANAIDI: Yasipotoka kabisa, na una hakika yapo?

BARAKA: Mara nyingi ni herufi kubwa. Simu hupenda kukuandikia `#Kilimo`, na amri hiyo inaona K kubwa na k ndogo kama vitu viwili. Ongeza `-i` kwenye grep zote mbili, au zima herufi kubwa za kujiandika kabla ya kuendelea kuchapa.

MWANAIDI: Mie ningezima. Bado kuna bahasha nzima ya D.