Uniti Saba za Mwisho: D1 au T1, na Meseji za LUKU Zinasemaje

(Mhadhara uliotolewa Jumamosi asubuhi kwa wapangaji na wenye nyumba, ukumbi wa kata, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambao hamjaitikia popote, habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, toeni simu. Fungueni meseji za LUKU za miezi mitatu iliyopita, msizifute hata moja. Mimi ni fundi umeme, kazi yangu ni kufunga nyaya majumbani, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu nyaya. Ni hili: "Fundi, mbona jirani kanunua umeme wa elfu kumi kapata uniti nyingi, mimi nimepata ishirini na nane?" Watu wanadhani mita imechezewa. Mara nyingi mita haina kosa lolote, tofauti ni kundi la bei.

Kwa nyumba za kawaida makundi ni mawili. La kwanza ni D1, ambalo mtaani tunaliita matumizi madogo. Katika bei zilizopitishwa na EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, na kuanza Aprili 2016, uniti 75 za kwanza za mwezi kwenye D1 ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti baada ya hapo ni shilingi 350. La pili ni T1, matumizi ya kawaida, ambako kila uniti ni shilingi 292, uwe umenunua moja au mia tano. Hizo ni bei kabla ya makato. Juu yake kuna VAT asilimia 18, mchango wa REA wa umeme vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22. Ndiyo maana uniti ya T1 inakufikia kwa shilingi 356 na senti, na ndiyo maana elfu kumi inatoa uniti 28. Kwa kuwa asilimia hizo ni zile zile pande zote mbili, tukilinganisha makundi tunaweza kuziweka kando, hazibadilishi mshindi.

Sasa, mwenzetu mmoja pale nyuma ameniambia kabla hatujaanza kwamba D1 ni mtego, kwa sababu ukizidisha tu wanakubamiza 350. Tupige hesabu pamoja. Nyumba inatumia uniti 120 kwa mwezi. Kwenye D1, 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na 45 zilizobaki mara 350 ni 15,750. Jumla 23,250. Kwenye T1, 120 mara 292 ni 35,040. Hata baada ya kubamizwa, D1 bado ni nafuu kwa karibu elfu kumi na mbili! Mkitafuta mahali bei mbili zinapokutana mtaikuta kwenye uniti kama 323 kwa mwezi. Chini ya hapo D1 inashinda, juu ya hapo T1 inashinda. Nyumba ya uniti 400 ingelipa 121,250 kwenye D1 na 116,800 kwenye T1.

Naona mnatabasamu. Subirini. Ingekuwa ni kuchagua tu kama unavyochagua kifurushi cha simu, karibu mtaa mzima ungekuwa D1. D1 ina masharti: ni ya nyumba ya kuishi, umeme wa fezi moja, na matumizi ya wastani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukiwa na fezi tatu, au mita inaendesha saluni, D1 haikuhusu. Na ukizoea kuvuka 75 unahamishiwa T1. Kwa hiyo hiyo 323 iacheni kwenye karatasi, inatuonyesha tu kwamba 350 siyo ya kuogopa kama wengi wanavyodhani. Mpaka unaokugusa wewe ni 75.

Na hapo ndipo matumizi halisi yanapoingia, siyo kubahatisha. Nitawaonyesha nyumba moja niliyoikagua, ya watu wanne, ina friji, televisheni, feni mbili na pasi. Iko T1. Mama mwenye nyumba aliniambia, "Mwanangu, sisi tunatumia zaidi ya themanini, hatuna ujanja." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha meseji: Machi alinunua umeme wa elfu 30 akapata uniti 80, Aprili elfu 20 akapata 51.9, Mei elfu 30 tena, uniti 80.

Kwanza, msishangae kwamba elfu 20 haikutoa uniti 56. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Haihusiani na bei ya umeme. Mtu anayegawa elfu tano yake kwa uniti alizopata tarehe mosi anapata bei ya kutisha, anakuja kunigombeza mimi. Someni meseji yote: kuna gharama ya umeme, kuna kodi, kuna deni lililokatwa.

Pili, na hili ndilo kubwa, kununua siyo kutumia. Yule mama alikuwa na tabia moja nzuri sana: kila tarehe mosi mtoto wake anabonyeza rimoti ya LUKU na kuandika uniti zilizobaki kwenye kalenda ya ukutani. Machi mosi zilibaki 6, Aprili mosi 17, Mei mosi 3, Juni mosi 12. Chukua zilizokuwepo, jumlisha ulizonunua, toa zilizobaki mwisho. Machi: 6 na 80, toa 17, matumizi ni 69. Aprili: 17 na 51.9, toa 3, ni 65.9. Mei: 3 na 80, toa 12, ni 71. Hakuna mwezi hata mmoja uliogusa 75! Wastani ni uniti 68.6.

Kwa T1 wastani huo unamgharimu shilingi 20,031 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa D1 ungekuwa 6,860. Weka makato ya asilimia 22 na tofauti inakuwa kama elfu 16 kila mwezi. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Hiyo ni gesi yangu."

Lakini angalieni jambo moja. Mfumo hauoni kalenda ya ukutani kwa mama. Unaona manunuzi. Bei ya 100 inahesabiwa kwa uniti ulizonunua ndani ya mwezi wa kalenda. Angekuwa D1 na kununua 80 mwezi Machi, uniti tano zingehesabiwa kwa 350 ingawa hakuzitumia mwezi huo. Na Aprili, alipochukua 51.9, angeacha uniti 23 za bei nafuu zipotee, maana nafasi usiyoitumia haihamii mwezi ujao. Aliye D1 anunue mara moja kwa mwezi: uniti 75 kwa shilingi 9,150 pamoja na makato, na kodi ya jengo 1,500, jumla 10,650. Zinazobaki zinakaa kwenye mita, haziozi. Ukiishiwa tarehe 30, washa mshumaa usiku mmoja usubiri tarehe mosi. Natania, lakini siyo sana.

Huyo mama kazi yake ilikuwa nyepesi. Wastani wa manunuzi yake ni uniti 70.6, aende ofisi ya TANESCO ya wilaya yake na namba ya mita, aombe kuhamishwa, watazame kumbukumbu za manunuzi yake. Wenye kazi ni wale walio juu kidogo. Tuseme wastani wako ni 82 na uko T1. Unalipa 82 mara 292, shilingi 23,944. Ungeshuka hadi 75 na kukubaliwa D1 ungelipa 7,500. Tofauti ni 16,444, na kilichosimama katikati ni uniti saba. Kila moja kati ya hizo saba inakugharimu zaidi ya shilingi 2,300. Hakuna uniti ghali kama hizo nchini.

Saba zinapatikana wapi? Taa moja ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. Weka ya LED ya wati 9, inakula 1.35. Umeshapata zaidi ya saba kwa taa moja ya uani. Pasi ya wati 1,000 ikitumika robo saa kila asubuhi ni uniti 7.5, kwa hiyo kupiga nguo zote Jumapili kwa mkupuo, pasi ikiwa imeshapata moto, kunapunguza. Friji ndilo la kupima, maana mipira ya mlango ikichoka linakula kimya kimya. Usiku zima kila kitu kingine, soma uniti saa nne, soma tena saa kumi na mbili alfajiri. Hizo ni saa nane. Zidisha mara tatu upate siku nzima, kisha ongeza kidogo, kwa sababu mchana lina joto zaidi na mlango unafunguliwa. Likizidi uniti mbili kwa siku, friji peke yake limekula 60 kati ya 75 zako, na hapo hata ubadilishe taa zote hufiki popote.

(Swali kutoka ukumbini: "Fundi, sisi wapangaji wanne tunatumia mita moja, kila mtu ana mita ndogo aliyofungiwa na baba mwenye nyumba. Mimi natumia uniti 50 tu. Mbona siipati hiyo mia?")

Swali zuri, dada. Mita ndogo inagawa deni kati yenu, basi. TANESCO inaiona mita moja inayonunua uniti 200 kwa mwezi, na mita hiyo ni T1. Mnalipa pamoja 58,400 kabla ya makato. Kila chumba kingekuwa na LUKU yake kwenye D1, mngelipa 20,000. Kwa makato, tofauti ni karibu elfu 47 kwa mwezi. Kuunganishiwa mita mpya mjini, umbali usiozidi mita thelathini kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Mita tatu za ziada ni 962,880, achilia mbali nyaya za ndani ambazo lazima zitenganishwe. Bila gharama hizo za ndani, fedha hiyo inarudi baada ya kama miezi 21. Sasa mwenye nyumba ndiye anayelipa mita, na ninyi ndio mnaookoa, kwa hiyo hataona sababu ya kuharakisha. Mkae naye, mumwonyeshe hesabu, mkubaliane nani anachangia kiasi gani na mkataba wa kukaa uwe wa muda gani. Mpangaji anayehama baada ya miezi sita asitoe hata senti.

Baba mwenye nyumba yupo humu ukumbini? ... Haya, naona kuna mkono.