Kumuuzia Ratiba ya Kolo Mgeni Ambaye Hujamwona

Ndugu zangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie kuuza ratiba za safari mtandaoni. Nimeona nichukue safari moja tu, ya kutoka hapa Dodoma kwenda kuona michoro ya miambani Kolo, kule Kondoa, eneo ambalo UNESCO ililiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tangu SGR ilipofika hapa mwaka 2024, mgeni aliyeko Dar anaweza kuifikiria safari hii bila kupanda ndege.

Mgeni huyo ana ramani kwenye simu. Inamwambia Kolo iko kaskazini, kama kilomita 180, lami mpaka mlangoni, mwendo wa saa tatu hivi. Yote kweli. Sasa kwa nini akulipe wewe?

Atakulipa kwa yale yanayoanzia pale lami inapoishia. Kwanza, haruhusiwi kujiendea tu mlimani: anasimama ofisi ya Mambo ya Kale palepale Kolo, analipa kiingilio, anapewa mwongozaji. Malipo ya serikali yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu, na Mzungu mwenye noti za dola mfukoni na simu isiyo na laini ya Tanzania atakwama hapo. Kwa hiyo kwenye ratiba yako andika wazi nani atalipia namba hiyo: dereva, kwa simu yake, kisha risiti anakabidhiwa mgeni.

Halafu kuna mto. Kuelekea kwenye michoro mnavuka mto wa mchanga. Agosti ni mkavu, gari linapita. Kati ya Desemba na Aprili mvua inaweza kunyesha milimani huko, ninyi mko kwenye jua, na maji yakawakuta. Ratiba isiyoutaja mto huu imeandikwa na mtu ambaye hajafika, na ndivyo mnavyoweza kuzitambua ratiba za kunakili. Ni nyingi, na zinauzwa. Ya kwako iseme: siku moja kabla tunapiga simu ofisi ya Kolo kuulizia njia, ikiwa mbaya, tunakwenda Hombolo kwenye mashamba ya zabibu, au tunasogeza siku.

Muda nao. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu mko Kolo, mpande kabla jua halijawa kali, maana gari linaishia chini na kilichobaki ni miguu na mawe. Mgeni mwenye goti bovu aulizwe kabla hajalipa. Na aambiwe kwamba Mungumi wa Kolo, mojawapo ya sehemu zenye michoro hiyo, si makumbusho tu, wenyeji bado wanafanyia matambiko yao pale. Akikuta vitu vya tambiko asiviguse, na asipige picha kabla ya kumuuliza mwongozaji. Michoro isimwagiwe maji ili ing'ae kwenye kamera, maji yanaiharibu.

Sasa hela. Tuseme wamekuja wawili, mume na mke. Ratiba yenyewe unaiuza shilingi 80,000. Gari, mafuta, mwongozaji, viingilio na chakula cha mchana, 620,000. Msivichanganye. Ile 80,000 wanalipa kwa linki ya kadi, na ratiba wanaipata siku hiyohiyo. Hapo wameshaonja kazi yako kwa hela ndogo. Wakiridhika wanatanguliza asilimia 30 ya ile 620,000, yaani 186,000, ya kushikilia gari. Zinabaki 434,000, wanazilipa asubuhi ya safari wakiwa wameliona gari na dereva.

Bei ziwe za shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipwa kwa fedha za kigeni kwa huduma za hapa ndani, na kadi ya mgeni itabadilisha yenyewe.

Kuna vijana wanapenda mgeni alipe yote mapema kwa kadi. Naelewa, njaa ni njaa. Lakini aliyelipa kwa kadi anaweza kuiambia benki yake hakupata huduma, na kwa Visa na Mastercard muda wa kulalamika mara nyingi ni siku 120. Mafuta umeshachoma, hela inarudi kwake. Kinachokuokoa ni maandishi: masharti aliyoyakubali kabla ya kulipa, yenye kifungu cha mto ndani yake, barua pepe zenu, na risiti ya Kolo yenye tarehe.

Yeye naye anakuogopa, tena ana haki. Ukimtumia namba ya simu ya binafsi yenye jina lisilofanana na la kampuni, ataondoka kimya, wala hutajua kwa nini. Akaunti iwe ya jina la biashara. Na jueni mpaka wenu: kuandika ratiba ni jambo moja, ila ukianza kupokea hela za gari na kumpeleka mgeni, umeshaingia kwenye biashara ya utalii na unatakiwa leseni yake, ile ambayo wengi wanaiita TALA. Kama huna, uza ratiba, na hela ya gari ilipwe moja kwa moja kwa kampuni yenye leseni. Namba ya leseni hiyo iandikeni kwenye ratiba, ukurasa wa kwanza, juu ya bei.