Bosi Anamgeukia Nani? Jedwali la Uhasama Ndani ya Reidi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nitaanza na jambo ambalo kila aliyewahi kuingia reidi, lile pambano la kundi kubwa la wachezaji ndani ya gemu, ameliona. Bosi anapigana na tanki vizuri tu, ghafla anageuka, anamkimbilia mchawi aliyesimama nyuma kabisa, anampiga mara moja, mchawi yuko chini. Kwenye maikrofoni unasikia maneno mawili. Tanki anasema, "Umeniibia agro," yaani bosi ameacha kumfuata yeye. Mchawi anajibu, "Wewe hukuishika." Nataka mkitoka hapa muweze kusema ni nani kati yao alikuwa na haki, kwa sababu jibu lipo kwenye hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Nitatumia World of Warcraft ya mwanzo, ile iliyotoka mwaka 2004 na kurudishwa mwaka 2019 kwa jina la Classic. Ndiyo ambayo kanuni zake zimepimwa na wachezaji kwa uvumilivu mkubwa, pigo baada ya pigo. Magemu mengine yana nambari zao, lakini mtindo ni huohuo.

Kazi tatu mnazijua. Tanki anapigwa kwa niaba ya wote, mponyaji anamrudishia uhai, mshambuliaji, kama yule mchawi, anammaliza bosi. Mgawanyo huu unasimama juu ya sharti moja: bosi ampige yule aliyejiandaa kupigwa. Lakini bosi hajui nani ni tanki. Haoni ngao wala deraya. Anachokiona ni orodha ya majina, na mbele ya kila jina kuna nambari. Orodha hiyo ndiyo jedwali la uhasama. Kila bosi, na kila mnyama mdogo aliye pembeni yake, ana jedwali lake peke yake.

Nambari inajazwaje? Ukimpiga bosi pointi moja ya madhara, unapata pointi moja ya uhasama. Halafu kuna vizidisho. Shujaa aliye kwenye mkao wa ulinzi anazidishiwa kwa 1.3, na akiwa amechukua kipaji kinachoongeza asilimia 15, kizidisho kinafika 1.495. Mvamizi wa visu anazidishiwa kwa 0.71 tu, kwa hiyo pigo lake la 1,000 linaandikwa 710. Zaidi ya hapo, tanki ana mbinu ambazo madhara yake ni madogo au hayapo kabisa, ila zinaandika uhasama mwingi. Ndivyo mtu anayepiga taratibu anavyoweza kukaa juu ya orodha.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo wengi wanapokosea. Kumpita tanki kwenye orodha hakutoshi kumgeuza bosi. Aliye karibu, ndani ya masafa ya upanga, lazima afikishe zaidi ya asilimia 110 ya uhasama wa anayepigwa. Aliye mbali lazima avuke asilimia 130. Bila mwanya huo bosi angekuwa anazunguka kama pia kila mara watu wawili wanapokaribiana. Lakini mwanya huohuo unafanya kazi pande zote mbili, na hilo ndilo linalomwumiza tanki.

Tuchukue mfano. Pambano limeanza sasa hivi. Tanki wetu hana hasira bado, na hasira ndiyo mafuta ya mbinu zake. Anaipata kwa kupiga na kupigwa. Mapigo yake mawili ya kwanza yamekosa. Baada ya sekunde chache ana uhasama wa 1,200. Mchawi hakusubiri. Ametupa mpira mmoja wa moto, ukatoka kriti, yaani pigo la bahati lenye nguvu kuliko kawaida, madhara 1,600. Kikomo chake ni 1,200 mara 1.3, yaani 1,560. Amekivuka kwa 40 tu. Bosi anageuka.

Tanki anapambana kumrudisha. Anafika 1,600, sawa na mchawi, bosi hasogei. Kwa nini? Kwa sababu sasa anayepigwa ni mchawi, na tanki naye anadaiwa asilimia 110 ya mchawi, yaani lazima apite 1,760. Mchawi akiendelea kurusha, hata huo mstari unapanda. Mwanya uliomlinda tanki dakika hii unamlinda mwizi dakika inayofuata, ingawa mwizi hakutaka kulindwa.

Ndiyo sababu tanki amepewa uchokozi, ile mbinu inayomlazimisha bosi kumfuata. Wengi wanadhani uchokozi unafuta deni. Unafanya mambo mawili: unamwandikia tanki nambari sawa na ya aliyekuwa akipigwa, na unamlazimisha bosi amshambulie kwa sekunde 3. Basi. Katika mfano wetu tanki anakuwa na 1,600 na mchawi bado ana 1,600. Mchawi akitulia, kikomo chake kipya ni 2,080 na kila kitu kimepona. Akitupa mpira mwingine wa 1,600 mara moja, anafika 3,200, na sekunde 3 zikiisha tanki lazima awe amefika angalau 2,462 la sivyo bosi anarudi kulekule. Kwa hiyo mkisikia tanki ametumia uchokozi, mikono chini kidogo. Wakati huo ndio anakusanya.

Kwa mfano huu, mimi ninampa lawama mchawi. Tanki kukosa mapigo mawili ni bahati ya kete. Kurusha kabla tanki hajashika ni uamuzi.

Mnaweza kujipima wenyewe bila kubahatisha. Mkimlenga adui, andikeni hivi kwenye dirisha la mazungumzo:

```
/dump UnitDetailedThreatSituation("player", "target")
```

Jibu la kwanza linasema kama wewe ndiye unayepigwa. La pili ni hali, kutoka 0 hadi 3. Tanki anataka kuona 3: anapigwa, na hakuna aliye juu yake. Akiona 2, bado anapigwa lakini kuna mtu ameshampita na yuko ndani ya mwanya. Mtu huyo kwake ataona 1. Hiyo 1 ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu kwa macho hakuna kilichobadilika, bosi bado anamtazama tanki. Kisha zinafuata asilimia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza imepimwa kwa kikomo chako, ikifika 100 bosi ni wako. Ya pili imepimwa kwa tanki moja kwa moja, hiyo inaweza kusoma 120 na bado ukawa salama ikiwa uko mbali.

Mponyaji nitamgusa kwa ufupi, ila msimsahau. Kila pointi ya uhai anayorudisha inaandika nusu pointi ya uhasama, na inagawanywa kwa maadui wote walio vitani. Uponyaji unaomwagika juu ya mtu ambaye uhai wake umeshajaa hauandiki kitu. Akiponya 2,000 kukiwa na bosi peke yake, anaandikiwa 1,000. Kukiwa na maadui watano, kila mmoja anamwandikia 200. Mbele ya tanki mwenye maelfu, 200 si kitu. Lakini maadui wapya wakiingia katikati ya pambano, tanki hana chochote kwenye majedwali yao. Kwao 200 ndiyo nambari kubwa kuliko zote. Ndiyo maana wanamkimbilia mponyaji kama wameelekezwa, na yeye hana kosa lolote. Adui mpya ni wa kudakwa na tanki kabla uponyaji mwingine haujatua.

Sasa nije kwenye pambano lililonifundisha kusoma jedwali lote badala ya mstari wa juu tu. Ni joka Vaelastrasz, ndani ya Blackwing Lair, reidi ya watu 40 iliyofunguliwa mwaka 2005. Joka linaanza likiwa na asilimia 30 ya uhai wake, na kila mmoja wenu anapewa nguvu zisizoisha, kwa hiyo madhara yanamwagika kuliko mlivyozoea. Halafu kila baada ya sekunde 45 hivi, anayepigwa na joka anabandikwa Burning Adrenaline. Inakula asilimia 5 ya uhai wake wote kila sekunde. Hakuna mponyaji wa kuizuia. Tanki wenu atakufa, na mnajua lini.

Fikirieni jedwali dakika hiyo. Tanki wa kwanza ana 40,000. Mchawi ana 36,000. Tanki wa pili ana 31,000. Mchawi anatazama kipimo chake cha uhasama: kikomo chake ni 52,000, kipimo kinasoma asilimia 69. Anaona yuko salama kabisa, anaongeza kasi. Tanki wa kwanza anakufa, jina lake linafutwa. Sasa hakuna anayepigwa, kwa hiyo hakuna asilimia 110 wala 130 ya kumlinda mtu. Joka linachukua nambari kubwa iliyobaki. Ni mchawi. Linageuza kichwa kuelekea kundi la nyuma, na pumzi yake ya moto inafyeka mbele kwa upana. Haifi roho moja tu hapo.

Usiku wa kwanza tulilaumu wachawi. Usiku wa pili tukalaumu tanki wa pili. Kisha mmoja wetu akasoma kumbukumbu za pambano mstari kwa mstari, akatuonyesha kwamba hakuna aliyevunja kanuni tuliyokuwa tumepeana. Kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu. Tulikuwa tumewaambia washambuliaji wasimpite tanki. Tulipaswa kuwaambia wasimpite tanki wa pili.

Tukabadilisha. Tanki wa pili na wa tatu wakaanza kupiga sambamba na wa kwanza, tangu sekunde ya kwanza, kwa mbinu zao zote za uhasama. Washambuliaji wakasubiri kidogo zaidi, na kila mmoja akaweka jina la tanki wa pili kwenye kipimo chake kama dari. Burning Adrenaline ikimwangukia tanki wa kwanza, mtu mmoja alihesabu kwa sauti, na katika sekunde 5 za mwisho aliyekuwa karibu na dari alisimamisha mkono kabisa. Tanki wa kwanza alipokufa, wa pili alikuwa ameshasimama mahali pale pale, na joka likageuza kichwa kidogo tu kumfuata. Kundi la nyuma halikuguswa. Papo hapo dari ikahamia kwa tanki wa tatu, na tukaanza kuisubiri Burning Adrenaline inayofuata.