Sekunde 30 za tangazo la maji

Asanteni. Leo tunageuza tangazo la ukutani liwe la redio, la sekunde 30. Nitasoma kwanza tangazo lenyewe, kama lilivyoandikwa kubandikwa ukutani. Mitaa nimeitunga kwa ajili ya somo hili.

"Wateja wetu wote wanaarifiwa kuwa, kutokana na matengenezo ya dharura ya bomba kuu lenye kipenyo cha milimita 400, huduma ya maji itasitishwa kwa muda wa saa 14 kuanzia Jumanne saa 22:00 hadi Jumatano saa 12:00. Maeneo yatakayoathirika ni Mlimani, Bondeni na Kisimani. Wateja wanashauriwa kuhifadhi maji ya kutosha na kuhakikisha koki zimefungwa wakati wote wa zoezi hilo. Huduma itakaporejea, maji yanaweza kuwa na rangi kwa muda mfupi. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Kwa maelezo zaidi piga simu," kisha namba yenye tarakimu kumi.

Ukutani halina ubaya wowote. Sasa mtangazaji anapewa karatasi hiyo na kuambiwa: una sekunde 30.

Wengi huanza kuhesabu maneno. Kwa Kiswahili hesabu hiyo inadanganya, maana "ni" ni neno na "yatakayoathirika" ni neno. Mimi nahesabu silabi, na lugha yetu imeturahisishia: karibu kila irabu ni silabi moja, na unaongeza zile m na n zinazosimama peke yake, kama katika "mchana" na "nne". Nikisoma kwa mwendo wa tangazo, pumzi na vituo vikiwemo, sekunde 30 zinanibebea silabi 140, zisizidi. Wewe jipime na saa, huenda ukapata tofauti kidogo. Na tarakimu zihesabiwe zinavyotamkwa. "400" ina tarakimu tatu karatasini, mdomoni ni silabi nne. Namba ya simu ya tarakimu kumi inafika silabi 20 na kitu, na nani atainakili akiwa na sufuria mkononi? Hiyo tunaitoa bila majadiliano.

Tangazo letu lina silabi karibu 250, yaani sekunde 55 hivi. Lakini urefu ndio ugonjwa mdogo. Hesabuni kutoka "Wateja" mpaka mahali linapotajwa jina la mtaa wa kwanza: zaidi ya silabi 100. Mkazi wa Bondeni anasubiri sekunde 20 na ushee kabla ya kujua kwamba anaambiwa yeye. Wakati huo ameshamjibu mtoto, na akili ikirudi redioni anasikia "Kisimani". Msomaji wa ukutani angerudisha macho juu. Sikio halirudi nyuma.

Kwa hiyo mtaa unakuja mwanzo. Ila usiwe neno la kwanza kabisa, kwa sababu maneno ya kwanza humpita msikilizaji kabla hajatega sikio. Mbele yake weka kengele ya silabi sita: "Tangazo la maji."

Matengenezo, bomba na kipenyo chake, kuanzia "kutokana", ni silabi 33, sekunde saba, na hakuna mtu atakayekinga ndoo moja zaidi kwa kujua ni milimita 400. Radhi nayo inakwenda. Najua hapo ndipo mkuu wa ofisi hukunja uso. Mwambieni radhi inabaki ukutani. "Saa 14" pia, kwa kuwa aliyesikia mwanzo na mwisho ana muda wote mkononi.

"Huduma itasitishwa" igeuke "maji yatakatika." Angalieni, si "yatakatwa." Kukatiwa maji ni habari ya mwenye deni, na mara moja nimewahi kusoma "mtakatiwa maji" hewani, simu zilizofuata zote zilikuwa za watu wanaoapa kwamba wamelipa.

Sasa saa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panapoharibika zaidi. Mafundi wanaandika 22:00. Mwenye haraka anaona saa kumi za kwenye simu yake, anaandika "saa kumi usiku." Saa kumi usiku ni alfajiri inakaribia! Amesogeza tangazo saa sita mbele, na watu watalala na ndoo tupu wakidhani wana muda. 22:00 ni saa nne usiku, na ile 12:00 ni saa sita mchana. Ukiona umeandika saa ileile iliyoko kwenye ratiba ya mafundi, simama, umekosea.

Kuna na siku. "Usiku wa Jumatano" una masikio mawili. Kwa hesabu yetu ya zamani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo kwa mzee wangu usiku wa Jumatano ni ule unaotangulia mchana wa Jumatano. Kwa kijana ni ule unaoufuata. "Usiku wa kuamkia Jumatano" unaondoa utata lakini ni mrefu. Hapa "Jumanne usiku, saa nne" inatosha, kwa sababu maji yanakatika mapema, kabla ya saa sita usiku.

Haya, toleo lenyewe:

"Tangazo la maji. Kwa wakazi wa Mlimani, Bondeni na Kisimani: maji yatakatika Jumanne usiku, saa nne, na yanatarajiwa kurudi Jumatano mchana, saa sita. Kinga maji ya kutosha mapema. Yakikatika, funga koki zote. Yakirudi, yaache yatiririke mpaka yawe safi ndipo uyatumie. Narudia: Mlimani, Bondeni na Kisimani, Jumanne saa nne usiku."

Silabi 137. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mkia, "mpaka Jumatano saa sita mchana," ikafika 151 na kunikata pumzi. Nilikata mkia kwa sababu anayekosa saa ya kurudi atasubiri tu. Anayekosa saa ya kukatika hatakuwa na maji.

"Yanatarajiwa" ni refu, nimeliacha kwa makusudi. Kazi ya bomba huchelewa, na "yatarudi" ni ahadi. Koki nazo nimezitetea. Mtu hufungua, akaona hakuna kitu, akaondoka na kuiacha wazi. Maji yakirudi hayupo, na nyumba inafurika. Rangi nimeigeuza kuwa kitendo, maana kumwambia mtu maji "yanaweza kuwa na rangi" hakumwambii afanye nini.

Kupima, msomee mtu aliyekupa mgongo akiosha vyombo, mara moja tu. Kisha muulize: wapi, lini, ufanye nini? Akisita kwenye "lini," rekebisha sentensi ya saa. Usimlaumu.

Mitaa ikizidi minne, njia hii inakataa. Majina tisa yanakula nafasi yote, na kwa sikio ni kelele tu. Andika matoleo mawili au matatu na uyasome kwa vipindi tofauti, kila moja na mitaa yake.

Swali la mwisho nililoletewa hapa kwa karatasi: je, mafundi wakisema maji yachemshwe? Msukumo ukishuka kwenye bomba, maji machafu ya nje yanaweza kunyonywa ndani kupitia nyufa, kwa hiyo agizo hilo likitolewa halikatwi hata kidogo. Toa sentensi ya kutiririsha, weka hii: "Yakirudi, yachemshe kabla ya kunywa mpaka tutakapotangaza tena." Ni silabi 25, moja pungufu ya ile uliyotoa.