Semina ya dakika 10: kipindupindu kwenye slaidi 7

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo niko hapa Goma, kompyuta iko mezani, na tutatengeneza semina moja ya uuguzi tangu slaidi ya kwanza mpaka swali la mwisho. Mada ni kipindupindu. Wewe utaitoa kwa Kifaransa mbele ya walimu, hilo najua. Mimi naeleza kwa Kiswahili, vichwa utavigeuza mwenyewe.

Kabla ya kufungua PowerPoint, chukua kalamu na karatasi. Andika swali moja ambalo muuguzi wa zamu angekuuliza saa nane usiku. Usiandike "Kipindupindu", hicho ni kitabu kizima. Mimi naandika hivi: "Mtu mzima mwenye upungufu mkali wa maji, serumu yake inaendaje katika saa 3 za kwanza?" Kila slaidi isiyosaidia kujibu swali hilo, iache.

Siku moja niliketi nyuma ya auditori nikimsikiliza mwanafunzi mwenye akili sana. Alianza na John Snow na pampu ya London mwaka 1854, akapita kwa Robert Koch, akafika kwa wakimbizi wa hapa Goma Julai 1994. Yote ni kweli. Lakini dakika ya 7 mwalimu aligonga meza, na mgonjwa wake alikuwa bado hajachomwa sindano. Historia ipe sentensi moja ya mdomo, bila slaidi.

Sasa fungua PowerPoint. Mandhari nyeupe, maandishi meusi. Najua ile bluu yenye mawimbi inakuvutia, lakini projekta zetu nyingi zimechoka, mapazia hayafungi vizuri, na herufi nyekundu juu ya bluu hupotea kabisa mchana. Maandishi yasiwe chini ya ukubwa wa 28. Ukiona hayaenei, usipunguze herufi, punguza maneno.

Slaidi ya 1 ni mada na jina lako. Sekunde 20, pita. Slaidi ya 2 ni mgonjwa: mwanamke wa miaka 30, kilo 50, ameharisha maji kama ya mchele tangu alfajiri, macho yameingia ndani, hawezi tena kunywa. Usiweke picha ya uso wa mgonjwa uliyoipiga kwenye staji, hata akikubali. Mchoro wa kitanda unatosha.

Slaidi ya 3 ni dalili. Hapa angalia kichwa cha slaidi. Wengi huandika "Dalili". Mimi naandika sentensi nzima: "Dalili mbili zinatosha kusema upungufu ni mkali". Chini yake ninaweka nne tu: amelegea au hajitambui, macho yameingia ndani, hanywi au anakunywa kwa shida, ngozi ukiifinya inarudi polepole sana, zaidi ya sekunde 2. Mtu aliyechelewa kuingia akisoma kichwa peke yake, amepata jambo. Ukifika hapo, jifinye ngozi ya mkono mbele yao, uhesabu kwa sauti. Kisha sema kwa mdomo kwamba mapigo ya kifundo cha mkono unayapima pia, kwa sababu tutayarudia.

Sasa slaidi ya 4 na ya 5, ambazo ndizo semina yenyewe, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Itifaki inasema: kwa mgonjwa wa mwaka 1 na zaidi, Ringa lakteti mililita 100 kwa kila kilo. Kati ya hizo, 30 kwa kilo ndani ya dakika 30, halafu 70 kwa kilo ndani ya saa 2 na nusu. Wanafunzi hunakili jedwali hilo jinsi lilivyo, wanalisoma, na chumba kinalala. Fanya hesabu ya mgonjwa wako. Kilo 50 mara 30 ni mililita 1500. Kilo 50 mara 70 ni mililita 3500. Jumla ni lita 5.

Wengine sasa hukimbilia matone. Jaribu: kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, 1500 mara 20, gawa kwa 30. Unapata matone 1000 kwa dakika. Nani atayahesabu? Ukiweka namba hiyo kwenye slaidi, mwalimu aliyefanya kazi wodini atatabasamu. Kwa hiyo hesabu chupa. Chupa za mililita 500: tatu katika nusu saa ya kwanza, yaani moja kila dakika 10. Halafu saba katika saa 2 na nusu, yaani moja kila dakika 21 hivi.

Chora. Slaidi ya 4: mstari wa dakika 30 na chupa 3 juu yake. Kichwa: "Chupa 3 kwa dakika 30, kidhibiti wazi kabisa". Slaidi ya 5: mstari unaendelea, chupa 7, kichwa chake vilevile sentensi. Hakuna jedwali. Mdomoni uongeze yale ambayo mchoro hausemi: chupa ya kwanza isipoisha kwa dakika 10, tafuta mshipa wa pili na sindano nene, usisubiri. Na baada ya dakika 30, kama mapigo ya mkono bado ni dhaifu sana, zile chupa 3 zinarudiwa, lakini mara moja tu.

Slaidi ya 6 ni makosa: serumu inayokwenda polepole, na kinyume chake, kope zinazovimba au kikohozi kinachoanza, dalili kwamba maji yamezidi. Slaidi ya 7 inamrudisha yule mwanamke baada ya saa 3: tunampima upya, na kama anaweza kunywa, yuko tayari kwenye maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Sasa mazoezi. Simama, weka saa ya simu, sema kwa sauti. Lenga dakika 9, kwa sababu siku yenyewe projekta itakula moja. Slaidi ya 4 na ya 5 zipewe karibu nusu ya muda. Ukipitiliza, kata slaidi ya 6, usiongeze mwendo wa mdomo. Halafu rudia bila kompyuta, na chaki mkononi. Kurenti ikienda, mstari na chupa kumi unavichora ubaoni kwa sekunde 20. Ndiyo faida nyingine ya kuacha jedwali.

Wakati wa maswali, bonyeza kitufe cha nukta ili skrini iwe nyeusi, watu wakuangalie wewe. Kwenye kibodi ya Kifaransa nukta inataka Shift. Na jitayarishie slaidi ya 8, ambayo hutaionyesha bila kuulizwa. Swali karibu hakika litakuja: "Na mtoto wa miezi 8?" Andika 8, bonyeza Enter, inafunguka: chini ya mwaka 1, mililita 30 kwa kilo kwa saa 1, halafu 70 kwa kilo kwa saa 5. Wakiuliza juu ya mtoto mwenye utapiamlo mkali, usimtumie hesabu hii. Sema ana itifaki yake, na mwili wake haubebi maji kwa kasi hiyo.